Barua ya wazi kwa wakubwa wa kol senta yetu: hizi pointi za kuchagulia shifti zinatufunga usiku

Kwa: Mkurugenzi wa Uendeshaji,
Mkuu wa Rasilimali Watu,
na Timu ya Ratiba,
Nairobi.

KUH: KUCHAGUA SHIFTI KWA POINTI

Mabwana na Mabibi,

Salamu kwenu. Naandika hadharani kwa sababu milango ya ndani nimebisha yote. Tim lida alinisikiliza vizuri akasema hiyo ni kazi ya timu ya ratiba, timu ya ratiba wakasema sheria za pointi zilitoka rasilimali watu, na rasilimali watu wakanijibu kwa barua pepe ya mistari miwili kwamba mfumo unatumika kwa kila mtu sawasawa na mada imefungwa. Jina la kampuni sitaweka, kazi bado naihitaji na sina haja ya kumchafulia mtu jina, lakini nyinyi mtajijua na wenzangu wa floo ya tatu watajijua hata kabla ya kumaliza aya hii.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kufanya kazi kol senta, mambo yako hivi. Kila baada ya miezi mitatu tunachagua shifti upya. Timu ya ratiba inatoa orodha ya nafasi, na kila nafasi ni saa za kazi pamoja na siku zake mbili za ofu, kwa hivyo "asubuhi, ofu Jumamosi na Jumapili" ni nafasi moja na "asubuhi, ofu Jumanne na Jumatano" ni nyingine kabisa. Kwenye kitengo chetu tuko sitini na nafasi ni sitini: kumi na nane za asubuhi, ishirini na nne za jioni, kumi na nane za usiku wa manane. Mwenye pointi nyingi anachagua kwanza, wa pili anafuata, hivyo hivyo mpaka wa mwisho ambaye anachukua kilichobaki. Wazo lenyewe halina shida. Kabla ya hapo shifti zilikuwa zinagawanywa na tim lida vile anavyojisikia, na wengi wetu tulishangilia pointi zilipokuja maana tulidhani sasa mtu atajua kwa nini amepata alichopata. Sisemi turudi kule. Nasema pointi zenyewe zimepinda, na nitaonyesha pale zilipopindia.

1. Shifti ndiyo inatengeneza pointi, halafu pointi zinatengeneza shifti

Hili ndilo kubwa, mkiniruhusu nitakaa hapa kidogo.

Pointi zetu ni mia moja. Arobaini ni za kasi ya simu, thelathini za nyota ambazo mteja anaweka akimaliza kuongea, thelathini za mahudhurio. Za kasi zinahesabiwa hivi: wastani wa simu zako ukiwa dakika saba au chini unapata arobaini zote, na kila dakika inayozidi unakatwa nane. Inaonekana safi sana kwenye karatasi, kipimo kimoja kwa watu wote.

Shida ni kwamba simu si moja. Asubuhi tunapokea wateja wa Uingereza, na wengi wanauliza kifurushi kimefika wapi au wamesahau paswodi. Unafungua skrini, unasoma, unajibu, kwaheri. Usiku tunapokea Amerika, na foleni inayoingia ni ya wanaodai pesa zao warudishiwe. Hiyo simu lazima umtambue mteja, ufungue oda, uangalie malipo yalipita kadi gani, usome sera, uandike noti, na mara nyingi umwambie mtu mwenye hasira kwamba pesa haitarudi. Hakuna mtu duniani anafanya hiyo kazi kwa dakika saba labda awe anawakatia watu simu, na tunajua wako wanaofanya hivyo, ndiyo siri ya baadhi ya wastani mzuri mnaousifu pale kwenye mkutano wa Jumatatu.

Sasa tufanye hesabu na watu wawili, tuwaite wa asubuhi na wa usiku. Wa asubuhi wastani wake ni dakika sita. Yuko chini ya saba, anapata arobaini. Nyota zake zinampa ishirini na nne, mahudhurio thelathini. Jumla tisini na nne. Wa usiku wastani wake ni dakika tisa, amezidi mbili, anakatwa kumi na sita, anabaki na ishirini na nne. Nyota pia ishirini na nne. Mahudhurio alichelewa mara moja, amekatwa tano, ana ishirini na tano. Jumla sabini na tatu. Kwa hiyo wa asubuhi anachagua mwanzo na anabaki asubuhi, wa usiku anachagua mwisho na anabaki usiku, na miezi mitatu ijayo hesabu inajirudia vile vile kwa sababu mmoja atapokea vifurushi tena na mwingine atapokea madai ya pesa tena.

Lakini ngojeni. Wastani wa shifti nzima ya asubuhi, watu wote, ni dakika tano na nusu. Yaani huyu wetu wa dakika sita yuko polepole kuliko wenzake kwa karibu asilimia tisa. Wastani wa shifti nzima ya usiku ni dakika kumi, na huyu wa dakika tisa ana kasi kuliko wenzake kwa asilimia kumi. Mmoja ni wa chini ya kati kwenye kundi lake, mwingine ni kati ya walio bora kwenye lake, na mfumo umewapanga kinyume!

Dawa yake si ngumu. Mpimeni mtu na wenzake wa foleni moja na saa moja. Mkisema, kwa mfano, aliye sawasawa na wastani wa shifti yake anapata thelathini kati ya arobaini, na kila asilimia moja ya haraka inaongeza pointi moja mpaka ifike arobaini, na kila asilimia ya polepole inapunguza moja, basi wa usiku anapata arobaini zake na wa asubuhi anapata ishirini na moja. Nyota nazo mzifanye hivyo hivyo, kwa sababu mteja aliyenyimwa pesa haweki nyota tano hata ukimwimbia.

Na kule kuchelewa mara moja niliachia makusudi. Gari ya stafu ilikwama Mombasa Road, ikafika ofisini na abiria wote wamechelewa, na abiria wote wakakatwa tano tano. Gari ni ya kampuni. Dereva analipwa na kampuni. Njia ilipangwa na kampuni, inaanzia Rongai ndiyo izunguke ichukue watu wa Kitengela, mtu yeyote anayejua hizo barabara saa za jioni angewaambia. Anayechelewa ndani ya gari yenu hajachelewa, kwa hivyo turudishieni hizo tano. Mkirudisha, na kasi ikipimwa kwa haki, wa usiku ana tisini na nne na wa asubuhi ana sabini na tano. Watu ni wale wale, kazi ni ile ile, kilichobadilika ni mnavyohesabu tu.

Mkitaka kujua kama ninayosema ni kweli kwenye data yenu wenyewe hamhitaji mtaalamu. Chukueni orodha za mizunguko minne iliyopita muangalie waliokuwa usiku mzunguko wa kwanza, wangapi bado wako usiku mzunguko wa nne bila kuwa wameuomba. Kama uchaguzi ni wa kweli watu watakuwa wamezunguka. Kama majina ni yale yale basi hakuna kilichochaguliwa hapo.

2. Sare, na ile fomu ya chaguo tatu

Pointi zinagongana sana, hasa hapo katikati kwenye themanini na kitu. Tuliuliza mara nyingi mnatenganishaje watu wenye pointi sawa na jibu ni kwamba "mfumo unapanga". Mfumo ni eksel. Faili ilishawahi kutumwa kwa bahati mbaya kwenye grupu ya wasap ya shifti, wote tuliiona, na namna ilivyo majina yako kwa alfabeti halafu inapangwa kwa pointi. Eksel ikikuta pointi zimelingana inaacha watu kwa mpangilio iliowakuta nao, maana yake kina Abdi na Achieng wanatangulia kila mara na kina Wanjiru na Zawadi wanafuata, mwaka nenda mwaka rudi. Sidhani mtu alikaa chini akapanga ubaya huu. Ni uzembe tu, ila uzembe unaomrudia mtu yule yule kila robo mwaka una matokeo sawa na ubaguzi.

Kuna wakati mkajaribu kutenganisha kwa aliyejaza fomu kwanza. Fomu ikafunguliwa saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi mtu wa usiku wa manane ndiyo ana masaa mawili ya usingizi, na wa asubuhi yuko mbele ya kompyuta na tim lida akimwambia jaza sasa hivi. Hiyo nayo muitupe. Dirisha likae wazi angalau siku tano, na aliyejaza mwanzo asimshinde aliyejaza mwisho.

Sare ziamuliwe kwa tarehe ya kuajiriwa, aliyetangulia kazini atangulie, na hapa ndipo ukongwe una nafasi yake ya haki. Na kwa kuwa mnaajiri kwa makundi, watu ishirini siku moja, tarehe nazo zitagongana, kwa hiyo kila kundi lipige kura ya namba mara moja siku ya kwanza mbele ya wote, na hiyo namba mtu abaki nayo mpaka aondoke. Kama tatizo ni eksel basi nimewaandikia. Pointi zikiwa safu E, tarehe ya kuajiriwa D, namba ya kura F, watu sitini kuanzia mstari wa 2:

```
=1+COUNTIFS(E$2:E$61,">"&E2)+COUNTIFS(E$2:E$61,E2,D$2:D$61,"<"&D2)+COUNTIFS(E$2:E$61,E2,D$2:D$61,D2,F$2:F$61,"<"&F2)
```

Inahesabu waliokuzidi pointi, ikaongeza wenye pointi zako walioajiriwa kabla yako, ikaongeza wa siku moja na wewe wenye namba ndogo ya kura. Mkiburuta mpaka chini kila mtu ana nafasi yake na hakuna wawili walio sawa.

Sasa fomu. Inaruhusu chaguo tatu tu, halafu chini imeandikwa "ukikosa zote tatu utapangiwa". Fikirini mtu aliye wa thelathini na saba. Mbele yake kuna watu thelathini na sita na kila mmoja anaweza kuondoka na nafasi anayoitaka yeye, kwa hiyo ili awe na uhakika wa kupata kitu alichokichagua lazima aorodheshe nafasi thelathini na saba. Akiandika tatu tu, na kila mtu anataka asubuhi yenye wikendi, basi uchaguzi wake umeisha kabla haujaanza na anaangukia kwa "utapangiwa". Na nani anapanga? Tunarudi kwa tim lida na roho yake, kitu kile kile pointi zilikuja kuondoa. Ndiyo maana kuna mtu wa thelathini na kitu alipata jioni yenye ofu Jumapili na mwingine aliyemtangulia namba akapata usiku, wote wawili "walipangiwa".

Fomu iruhusu kuorodhesha zote sitini. Asiyetaka kujaza zote aruhusiwe kuandika mwongozo kama "usiku wowote bora ofu iwe Jumapili", na akiishiwa kabisa apewe nafasi inayofuata kwenye orodha iliyotangazwa, kwa mpangilio unaojulikana, mkono wa mtu usiingie.

3. Nafasi zinazoliwa kabla ya sahani kufika mezani

Nafasi za asubuhi ni kumi na nane. Mzunguko uliopita zilizotangazwa zilikuwa kumi na tatu. Tano zilienda wapi? Tuliambiwa "mahitaji ya biashara". Baadaye tukaona nani amekaa nazo, na sina haja ya kusema zaidi hapo, mtu yeyote wa floo anajua.

Nakubali kabisa kwamba kuna nafasi zinahitaji mtu fulani. Kama mteja anataka Kijerumani, anayejua Kijerumani ndiye atakaa pale. Sawa. Basi itangazwe hivyo, nafasi iwekwe kwenye orodha imeandikwa wazi "Kijerumani tu", na wanaojua Kijerumani wachaguane kwa pointi zao wenyewe kwa wenyewe. Aliyepumzishwa usiku kwa cheti cha daktari naye itangazwe kwamba nafasi moja imeshikwa kwa sababu za kiafya, jina lisitajwe, ugonjwa usitajwe. Kinachoumiza ni nafasi kupotea kimya kimya na sisi kujua baadaye.

Na kuna ile ya mtu kuacha kazi katikati ya mzunguko. Kwetu watu wanaacha sana, si siri. Nafasi ya asubuhi ikibaki wazi wiki ya tatu, Jumatatu unakuta kuna mtu ameshakaa. Hiyo nafasi irudi kwenye orodha: aulizwe wa kwanza aliyeiandika juu ya ile aliyopata, akikataa aulizwe anayefuata. Fomu zenu mnazo tayari, hakuna kazi mpya hapo, ni kuzifungua tu na kusoma.

4. Waliokuwa likizo ya uzazi na wagonjwa

Mwenzetu mmoja alirudi kutoka likizo ya uzazi akakuta yuko wa hamsini na nane. Mzunguko wa kabla hajaenda alikuwa kumi bora. Kilichotokea ni kwamba eksel ilijumlisha miezi mitatu ambayo hakupokea simu hata moja, ikampa sifuri, ikagawanya. Akapewa saa nne usiku hadi saa moja asubuhi na mtoto wa miezi mitatu nyumbani ananyonya. Alipolalamika akaambiwa sheria ni moja kwa wote.

Sheria ya nchi ni kubwa kuliko eksel. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na inasema akimaliza ana haki ya kurudi kwenye kazi aliyokuwa nayo au nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyo mabaya kuliko yale ambayo angekuwa nayo asingeenda likizo. Kifungu cha 5 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito. Kifungu cha 30 kinalinda likizo ya ugonjwa. Mimi si wakili, lakini kumpa mtu sifuri kwa miezi ambayo sheria imemwambia akae nyumbani, halafu hiyo sifuri ikamchagulia saa za kazi, sioni nani ataitetea mbele ya jaji.

Rekebisho ni dogo sana: wastani uhesabiwe kwa miezi ambayo mtu alifanya kazi, na kama hakuwepo mzunguko mzima zitumike pointi zake za mzunguko wa mwisho aliokuwepo. Na aliye likizo atumiwe fomu kwa simu, au amteue mwenzake amjazie kwa maandishi. Sasa hivi fomu inafunguka kwa kompyuta za ofisini peke yake.

5. Saa za Amerika

Hili ni fupi. Amerika wanabadilisha saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi hatubadilishi. Mteja wa Nyuyoki anayefungua duka saa tatu asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni, kwetu ni saa kumi jioni hadi saa sita usiku, halafu Novemba inakuwa saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku. Mtu alichagua nafasi inayoisha saa sita, na mzunguko wetu unaanza Oktoba, kwa hiyo wiki tano ndani amesogezwa saa moja mbele bila kuulizwa. Hizo tarehe zinajulikana miaka mbele. Andikeni saa zote mbili kwenye nafasi kabla hatujachagua, au sogezeni mzunguko uanze pamoja na hayo mabadiliko.

Majibu ambayo najua yanakuja

Mtasema mfumo ndio uliamua, si mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake kama unamgusa kwa uzito, na anaweza kuomba uangaliwe upya. Kifungu cha 26 kinampa haki ya kuona data yake na kuomba irekebishwe ikiwa na makosa. Saa za kulala za mtu kwa miezi mitatu ni jambo zito. Kwa hivyo nikiomba kuona pointi zangu zilivyojumlishwa siombi fadhila.

Mtasema kutangaza pointi za kila mtu ni kuaibisha watu. Hapo mna hoja, na wako wenzangu hawataki jina lao libandikwe. Basi bandikeni namba ya mfanyakazi, pointi na nafasi aliyoshika kwenye foleni, bila jina. Kila mtu atajiona na atajua alipitwa na wangapi.

Mtasema kama hatutaki pointi basi iwe ukongwe peke yake. Wako wenzangu pia wanaolitaka hilo, wanatoa mfano wa madereva wa mabasi wa miji ya Amerika wanaochagua ruti kwa miaka ya kazi, na marubani vile vile, namba ya ukongwe ndiyo kila kitu. Ni kweli, lakini kule mtu anakaa kazi moja miaka ishirini, anajua zamu yake itafika. Kwetu wengi hawamalizi miaka miwili. Ukongwe peke yake utawapa watu kumi na tano wa zamani asubuhi milele na kumlisha kila mgeni usiku mpaka achoke aache, na hiyo ndiyo sababu mnaajiri kila mwezi. Pointi zinazopimwa kwa haki na ukongwe wa kuamua sare, mimi naona zinatutosha.

Mtasema usiku lazima ufanywe na mtu. Ndiyo. Na wako wanaoupenda kwa dhati, jamaa wengine wanasoma chuo mchana, wengine wanafuata ile posho. Kwa wasioupenda wekeni nyongeza: aliyefanya mzunguko mzima wa usiku bila kuuandika kwenye nusu ya juu ya orodha yake anaongezewa pointi tano mzunguko unaofuata, na akirudishwa tena kumi. Nilifikiria pia sheria ya kuwapandisha wote wa usiku juu kabisa, ila nikaona haifanyi kazi, maana wako kumi na nane na asubuhi ni kumi na nane, wangezimaliza zote na wale waliotoka asubuhi wangeanza kuandika barua kama hii. Tano zinatosha kumsogeza mtu bila kupindua meza.

Na mtasema mda hamna, mzunguko mpya umekaribia. Hiyo fomula inachukua dakika chache. Wastani wa kila shifti mnao kwenye ripoti ya kila Jumatatu, mnatuonyesha wenyewe kwenye skrini kubwa.

Tunachoomba

a) Mzunguko ujao usifunguliwe mpaka kasi na nyota zipimwe ndani ya shifti na foleni moja, na kuchelewa kwa gari ya stafu kufutwe.

b) Orodha ya pointi ibandikwe siku saba kabla ya kuchagua, kwa namba ya mfanyakazi, na mtu awe na siku tatu za kupinga hesabu yake kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi kabla dirisha halijafunguliwa.

c) Nafasi zote sitini zitangazwe, zenye masharti ziandikwe masharti yake, na saa za baada ya Novemba ziwe pale pale.

d) Fomu iruhusu chaguo zote, ifunguke kwa simu, ikae siku tano.

e) Siku ya kugawa, wafanyakazi wawili tutakaowachagua wenyewe, mmoja wa usiku na mmoja wa asubuhi, wakae na timu ya ratiba waone kila nafasi ikitoka. Matokeo yabandikwe yakionyesha kila nafasi ilichukuliwa na wa ngapi, ili aliyekosa aone ilimpita mikononi mwa nani wa mbele yake.

f) Mwenzetu aliyerudi kutoka likizo ya uzazi atolewe usiku sasa hivi, asisubiri mzunguko. Hili halina mjadala na wala sijui kwa nini limefika hadi kwenye barua.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku kumi na nne, lielekezwe kwa wafanyakazi wote wa kitengo na si kwangu peke yangu. Likikosekana tutapeleka pointi ya uzazi kwa ofisa wa kazi wa serikali, na maombi ya data tutayapeleka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kila mtu na fomu yake. Hesabu ya mizunguko minne niliyoitaja pale mwanzo tumeshaanza kuikusanya wenyewe kutoka kwa picha za ratiba watu walizonazo kwenye simu, kwa hiyo mkija na yenu tutaweza kulinganisha.

Wenu katika kazi,

Ajenti wa shifti ya usiku,
kwa niaba ya wenzangu walioisoma hii barua na kuikubali kabla haijatoka.